Kumkumbusha mteja riba ya kuchelewa kulipa

“Mteja wangu wa Mbale amepitisha siku 45 baada ya tarehe ya mwisho bila kulipa ankara ya shilingi 6,000,000. Mkataba unataja riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Nimwandikieje bila kumvunjia heshima?”

Ndugu, kwanza hakikisha kifungu hicho kimo katika mkataba alioutia saini, kwa sababu riba iliyochapishwa chini ya ankara tu, mzigo ukiwa umeshapokelewa, ni rahisi kupingwa. Asilimia 2 ya deni ni 120,000 kwa mwezi, yaani 4,000 kwa siku tukichukua mwezi wa siku 30, hivyo siku 45 zinafika 180,000. Usitoze riba juu ya riba ikiwa mkataba haukusema hivyo.

Mimi ningeandika hivi: “Kwa heshima, tunakukumbusha kifungu cha riba tulichokubaliana, ambacho nakala yake tumeiambatisha. Hadi leo riba ni shilingi 180,000, nayo inaongezeka kwa 4,000 kila siku hadi deni lilipwe. Ikiwa umeshalipa, au una pingamizi kuhusu mzigo, tafadhali tujulishe.”

Sentensi hiyo ya mwisho si adabu tupu, kwani mara nyingi ndiyo inayofichua kwamba mteja anashikilia malipo kwa sababu ya bidhaa zilizopungua. Kiwango chako ni cha wastani. Kikiwa cha kukandamiza, mahakama ya Uganda ina uwezo wa kukipunguza hata kama mlikubaliana.