Mguu mmoja ukizidiwa na mwenzake

"Nikipanda benchi kwa mguu mmoja, kulia napata 12, kushoto 7. Niuongezee kushoto seti?"

Bado. Anza na kushoto kila seti, ukiwa hujachoka, halafu kulia ufanye idadi ileile kwa uzito uleule. Ukipata 7 kushoto, kulia ishia 7 hata kama unaweza zaidi. Kushoto unafanya kazi karibu na kikomo chake, kwa hiyo ndio utakaokua haraka, na kulia hautapoteza nguvu. Seti 3, mara mbili kwa wiki, pima tena baada ya wiki 6. Pengo likigoma, hapo ndipo uongeze seti moja ya kushoto.

Ila angalia unavyohesabu. Mguu ulio chini ukijisukuma kwa vidole, ndio unaokupandisha. Inua vidole vyake kabla ya kupanda, na goti likiingia ndani usilihesabu hilo rudio. Nimefundisha mazoezi miaka mingi, na wengi wakirekebisha hilo tu namba zinabadilika.

Anayesema kuchuchumaa na vyuma kwa miguu miwili kunatosha, yuko sahihi nusu: miguu yote inapata nguvu, lakini mwili unaweza kuegemea upande wenye nguvu bila wewe kujua.

Kama pengo lilianza baada ya kuumia, au goti linavimba, muone mtaalamu wa fiziotherapia kwanza.

↳ Mimi mguu mmoja ni mfupi, nao utalingana?

↳ Urefu haubadiliki kwa mazoezi, ndugu. Nguvu huenda zikakaribiana, kwa kiasi gani siwezi kukuahidi.