Kisima cha mita nane pembeni ya jangwa la Chalbi: someni kabla hamjalipa

"Wakuu, kikundi chetu cha watu 18 kimepewa eneo na jamii, chini kabisa ya mlima, pale laga, yaani mto wa msimu, inapoishia na uwanda mweupe wa chumvi unapoanza. Mtaalamu amepima kwa mashine, anasema maji ni mengi na yako mita 8 tu. Tunataka kulima vitunguu na nyasi za mbuzi. Je, tununue pampu ya sola au ya dizeli? Matangi mangapi? Na uzio gani unaweza kuzuia ngamia?"

Msinunue pampu yoyote. Msilipe hata malipo ya kwanza ya mchimbaji. Hilo eneo unaloeleza ndilo sisi tulilochimba, kama si laga ileile basi ni ndugu yake, na hayo maneno ya "mita 8 tu" nimeyasikia kwa masikio yangu mpaka nikipita mtu akiyasema nageuka.

Sisi tulikuwa watu 22, upande wa mashariki wa Mlima Kulal, kule laga zinaposhuka kuelekea Chalbi. Kila mmoja aliuza mbuzi. Kuna mama mjane katika kikundi aliyeuza sita kati ya tisa aliokuwa nao. Tukapata milioni moja na laki nne. Akaja mpimaji na mashine yake: vigingi vya chuma vinachomekwa ardhini, umeme unapitishwa, kisha mashine inaonyesha ardhi inaupinga umeme kwa kiasi gani. Juu mlimani namba zilikuwa makumi. Kadiri tulivyoshuka zikawa zinapungua, na pale chini karibu na uwanda mweupe zikafika omu-mita 3. Bwana yule akatabasamu, akasema, "Hapa umeme unapita kama maji. Hapa ndipo penye maji mengi." Tukampigia makofi.

Alichosema kuhusu umeme ni kweli. Ardhi yenye maji hupitisha umeme kuliko ardhi kavu. Lakini maji ya chumvi hupitisha umeme mara nyingi zaidi kuliko maji matamu, na udongo wa mfinyanzi uliolowa chumvi nao hupitisha sana. Changarawe iliyojaa maji matamu kwa kawaida husoma makumi ya omu-mita. Ukiona namba chini ya 5 pembeni ya uwanda wa chumvi, mashine haisemi "maji mengi". Inasema "chumvi". Mtu anayetembea na mashine ile na kulipwa kwa kazi hiyo alipaswa kulijua hili kuliko jina lake. Ama hakulijua, na hapo alitudanganya kuhusu ujuzi wake, ama alilijua akanyamaza kwa sababu mchimbaji aliyetuletea alikuwa rafiki yake na kisima kifupi humalizika haraka. Mpaka leo sijui ni lipi, na yote mawili yananiuma sawa.

Sasa nikueleze kwa nini maji yako karibu na juu pale chini, maana hapo ndipo tulipoingia mtegoni. Mvua ikinyesha mlimani, maji hukimbia ndani ya genge jembamba kwa nguvu ya kubeba mawe makubwa kama mbuzi. Yakitoka kwenye koo la genge, kuta zinaisha, yanatawanyika na nguvu inakatika. Kwa hiyo yanaangusha mzigo kwa mpangilio: mawe makubwa kwanza pale pale kooni, halafu kokoto, halafu mchanga, na tope laini kabisa linafika mwisho, kwenye kitanda cha ziwa kavu. Miaka maelfu ya mafuriko ya namna hiyo imetandaza lile tandiko la mawe na mchanga unaloliona likifunguka kama pepeo la ukili, koo likiwa ndio mpini.

Sehemu kubwa ya maji hayafiki chini kwa kukimbia juu ya ardhi. Yanazama katika mawe na kokoto za juu, kisha yanatembea polepole chini ya ardhi kufuata mteremko. Yakifika mwisho wa pepeo yanagonga ule mfinyanzi wa ziwa la zamani, hayana pa kupita, yanapanda. Ndiyo maana yako mita 8. Na kwa kuwa yako karibu na juu, jua la Chalbi linayavuta kupitia udongo mwaka mzima, yanageuka mvuke na kuacha chumvi yake. Chalbi haina mto unaotoka nje, kwa hiyo chumvi iliyofika pale haiondoki. Ule weupe unaouona ndio huo. Maji ya mita 8 yako karibu kwa sababu yamefika mwisho wa safari.

Tulichimba mita 54. Maji yalionekana mita 9. Wachimbaji wakanywa, wakasema yana ladha kidogo tu. Tukavuta kwa muda wa saa 3, yakatoka mita za ujazo 4 kwa saa bila kukatika, watu wakaimba. Hakuna aliyepima chumvi siku hiyo. Siku pampu ilipowekwa, kijana mmoja wa shirika aliyepita na kipimo cha chumvi cha mkononi alikichovya kwenye ndoo: 3,400, kwa kipimo cha maikrosimensi kwa sentimita. Akatuambia vitunguu havitapenda. Tukaona anatuonea wivu.

Kitunguu ni mmea dhaifu mbele ya chumvi. Ili kizae vizuri kinataka maji yasiyozidi kama 800 hivi, na yakikaribia 3,000 tarajia nusu ya mavuno, tena kwa shamba linalopitisha maji vizuri, si mfinyanzi kama wetu. Wiki ya tatu ncha za majani zikakauka kama zimechomwa na moto. Tukadhani ni ukosefu wa maji, tukaongeza maji, yaani tukaongeza chumvi. Wiki ya tano matuta yakawa na ukoko mweupe asubuhi, na maji yakawa yanasimama juu badala ya kuzama. Kijana yule akapita tena, akachovya: 5,900.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Pale chini kuna maji yenye chumvi kiasi yanayoelea juu ya maji mazito ya chumvi kali. Ukivuta kwa pampu, unayashusha yale ya juu, na yale mazito ya chini yanapanda kama kichuguu kuelekea kwenye bomba lako. Kisima hakikuharibika, sisi ndio tuliokuwa tunaivuta chumvi kila siku kwa pampu yetu wenyewe. Ndiyo maana kupima mara moja siku ya kwanza hakutoshi. Vuta saa 24 mfululizo na upime chumvi kila saa. Namba ikisimama, sawa. Ikiwa inapanda, hata polepole, zima na uondoke.

Ngamia walikunywa bila shida. Mbuzi waliharisha siku kadhaa kisha wakazoea. Kisima kile leo ni cha mifugo tu, na kwa mifugo kina faida, sikatai. Lakini hatukuuza mbuzi ili tunyweshe mbuzi.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja Mgabra aliyekuwa akitutazama muda wote huo. Nikamuuliza, "Abba, mbona hukusema?" Akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Akanipeleka kwa miguu kutoka kisima chetu kufuata laga kwenda juu, akinionyesha mahali ambapo kina mama huchimba mchanga kuchota maji wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimeazima kipimo cha yule kijana. Karibu na uwanda: 8,200. Kilomita moja juu: 4,600. Kilomita mbili: 2,100. Kilomita tatu na nusu: 1,100. Mchana mmoja, bila kigingi wala umeme, tulijua kila kitu ambacho tulilipia kutokujua. Hata miti ilikuwa inasema: chini ni vile vichaka vya majani manene ambavyo ukitafuna unasikia chumvi, katikati mikoma, juu migunga mikubwa imejipanga kandokando ya laga.

Kwa hiyo kabla ya lolote, ndugu yangu, azima au nunua hicho kipimo cha mkononi. Hakifiki hata bei ya mbuzi mmoja. Anza kwenye eneo lenu, fuata laga kuelekea koo la genge, pima kila shimo la maji unalolikuta na uandike umbali. Usiulize maji yako mita ngapi. Uliza yana chumvi kiasi gani, na hiyo namba inakwendaje unapopanda.

Usipande mpaka kooni kabisa lakini. Kule maji ni matamu zaidi ila yako mbali sana chini, na mawe makubwa yatamnasa mchimbaji. Shimo linabomoka kabla mabomba hayajaingia. Tena laga kule haina adabu: furiko moja linaweza kujaza mkondo wake mawe na kuhamia upande ambao haukuwa na maji tangu babu zako. Mkondo uliokauka wenye nyasi si mkondo uliokufa. Sisi mara ya pili tulichimba katikati ya pepeo, kilomita tatu na nusu kutoka uwanda, juu ya kilima kidogo kilicho nje ya mikondo yote tuliyoiona. Maji yalikuwa mita 41. Tulivuta saa 24, chumvi ikasimama kwenye 1,150 tangu saa ya nne mpaka mwisho. Vitunguu bado vinapungua kidogo kwa maji hayo, lakini vinazaa, na udongo wa kule ni mchanga kwa hiyo maji ya ziada yanaisukuma chumvi chini ya mizizi.

Kama watu watakunywa, peleka chupa maabara wapime pia floraidi na naitreti. Floraidi haina ladha, na kuchemsha hakuitoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo cha mkononi hakitakuonyesha hiyo.

Tatizo lenu kubwa naona ni kwamba eneo mlilopewa liko chini, na huko juu ni ardhi ya jamii pia. Rudini kwa wazee mapema kuomba sehemu ya katikati, au njia ya bomba kutoka kule. Maji yatashuka yenyewe kwa mteremko, hiyo ndiyo faida pekee ya kuwa chini. Na huyo mtaalamu wenu mwambieni awape namba za omu-mita kwa maandishi, kila kituo, si maneno ya "mengi". Ukizipata, pamoja na vipimo vya mashimo ya laga, ziweke hapa kabla hamjasaini. Niko hapa kila jioni.