Surua ya pili: si marudio ya bure

“Mwanangu alichomwa surua akiwa na miezi 9. Sasa ana miezi 20, nesi anataka achomwe tena. Si alishapata?”

Mpeleke, dada, hata kesho. Hujachelewa kiasi cha kuanza upya.

Mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyoachiwa na mama yake tumboni. Kinga hiyo hupungua mwezi hadi mwezi, lakini ikiwa bado ipo, huidhoofisha chanjo kabla mwili haujajifunza kitu. Ndiyo maana huku Tanzania tunasubiri miezi 9. Kungoja mwaka kungeipa chanjo nguvu zaidi, ila surua haingoji. Kwa hiyo kati ya watoto 100 wanaochomwa miezi 9, kama 15 hivi hubaki bila kinga, na kwa macho huwezi kuwajua. Wa kwako anaweza kuwa mmoja wao. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayowadaka wengi wao.

Angalia kadi yake ya kliniki: mstari wa surua-rubela una nafasi mbili za tarehe. Mafua madogo yasikuzuie. Homa au vipele vikimtokea wiki moja hivi baadaye, huisha vyenyewe.