Katika uchaguzi wa duru mbili, anzeni kumwangalia wa pili na wa tatu

Ninyi mnaoanza kuripoti uchaguzi hapa Mwanza mtaulizwa mapema uchaguzi wa duru mbili unatofautianaje na wetu wa duru moja, kwa sababu wasikilizaji wetu wa Kirumba na Igombe wana ndugu na wateja ng'ambo ya ziwa, na kanuni za nchi zetu tatu hazifanani. Kwetu, tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, rais ni yule anayewazidi wenzake kwa kura, hata zisipofika nusu. Kenya na Uganda zinadai zaidi ya nusu, la sivyo wawili wa juu hurudi kwa wapiga kura.

Mkipokea matokeo ya duru ya kwanza, chukueni karatasi, andikeni wagombea kwa mpangilio wa kura, kisha kando ya kila aliyeshindwa andikeni wafuasi wake wanaweza kuhamia kwa nani. Jaribuni kwa Senegal ya mwaka 2012. Abdoulaye Wade aliongoza kwa takriban asilimia 34.8, Macky Sall akafuata na 26.6, halafu Moustapha Niasse na 13.2. Kwa kanuni yetu, Wade angetangazwa rais usiku uleule. Lakini karibu wote walioshindwa walikuwa wamempinga Wade kugombea muhula wa tatu, wakamuunga mkono Sall, naye akashinda kwa karibu asilimia 66, huku Wade akibaki palepale alipoanzia. Ndiyo maana mgombea makini katika mfumo huu huchunga ulimi wake: anayemtukana leo ndiye atakayemwomba wafuasi baada ya wiki chache. Katika duru moja miungano hufungwa kabla ya kura, na anayechelewa kujitoa huwagawa wenzake.

Mpiga kura naye hupata nafasi ya kumchagua ampendaye kwanza, na mwenye nafuu baadaye. Hapa ndipo nawasihi msiwaambie wasikilizaji kwamba duru ya kwanza ni ya moyo tu. Ufaransa mwaka 2002 ilikuwa na wagombea 16, na wengi waliamini Rais Jacques Chirac wa mrengo wa kulia na Waziri Mkuu Lionel Jospin wa kushoto wangekutana katika duru ya pili, hivyo wapiga kura wengi wa mrengo wa kushoto walijigawa kwa wagombea wadogo. Jospin akapata asilimia 16.18, Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.86, naye ndiye aliyeingia duru ya pili na Chirac. Christiane Taubira peke yake, ambaye chama kilichomsimamisha kilikuwa ndani ya serikali ya Jospin, alipata 2.32, zaidi ya mara tatu ya pengo hilo. Wafuasi wa kushoto wakalazimika kumpigia Chirac, aliyeshinda kwa asilimia 82, ingawa duru ya kwanza hakufikisha hata 20.

Kwa hiyo pengo kati ya wa pili na wa tatu liandikwe kwenye taarifa yenu ya kwanza kabisa, hata kama wa kwanza ameacha kila mtu mbali. Na tamko la kiongozi la kumuunga mkono mwingine liripotiwe kama tamko, si kama kura zilizokwisha kuhama, kwa kuwa baadhi ya wafuasi wake hubaki nyumbani siku ya marudio.