Maswali na majibu: Nyota moja kwenye profaili

Nina kazi tatu tu Upwork, mtandao wa kupata kazi za kujitegemea. Mbili nimepata nyota 5, ya tatu (mwongozo wa pampu za maji, Kiingereza kwenda Kiswahili) mteja kanipa nyota 1. Kasema istilahi hazilingani na nimechelewa siku mbili. Ni kweli, lakini yeye alibadilisha faili katikati ya kazi. Nimeandika jibu refu, sijalituma. Nilitume? — Mfasiri, Morogoro

Usilitume, dada. Umeniambatanishia, na nimelisoma mara mbili. Lina aya nne. Aya ya kwanza inasema mteja hakutoa maelekezo ya kueleweka, ya pili inasema malipo yalikuwa madogo, ya tatu inataja shahada yako, na ya nne inamtakia kila la heri kwa namna ambayo hata mimi nimehisi hasira yake. Kila kitu ulichosema huenda ni kweli. Ila fikiria nani atalisoma. Huyo mteja wa pampu keshaondoka, pengine hatarudi hata kuliangalia. Atakayelisoma ni mtu mwingine kabisa, mwenye kazi mkononi, aliyefungua profaili yako na za wenzako wanne. Akiona nyota 1 haraka atashuka chini kutafuta jambo moja tu: huyu mtu akikosea, anafanyaje? Jibu lako la sasa linamwambia kwamba akikosea hugombana.

Nilikuomba unitumie na tafsiri yenyewe. Neno moja la Kiingereza, *valve*, umeliita "valvu" ukurasa wa 2, "vali" ukurasa wa 5, na "koki" ukurasa wa 9. Fundi aliye kisimani na mwongozo ule mkononi atadhani ni vifaa vitatu. Kwa hiyo malalamiko ya mteja yana msingi, na hapo ndipo jibu lianzie. Kuhusu faili kubadilishwa, unaweza kulisema bila kumshtaki mtu. Ningeandika hivi, nawe utaliweka kwenye Kiingereza:

"Asante kwa maoni. Neno 'valve' lilitafsiriwa kwa namna tatu tofauti katika mwongozo huu, na hilo ni kosa langu. Faili ya chanzo ilibadilika katikati ya kazi, nami sikuomba siku za ziada mapema kama ilivyopaswa. Nimemtumia mteja nakala iliyosahihishwa bila malipo. Sasa kabla ya kuanza kazi ya kiufundi namtumia mteja orodha ya istilahi aipitishe kwanza."

Ni sentensi tano tu: kosa limetajwa kwa jina lake, faili imetajwa, marekebisho yametajwa, na mwisho kuna kitu ambacho mteja ajaye anaweza kukudai. Lakini tafadhali, sentensi mbili za mwisho uziandike tu ikiwa umeshazifanya. Sahihisha ule mwongozo wote leo, umtumie, kisha ndipo uandike kwamba umemtumia. Lala na jibu usiku mmoja, ulisome asubuhi. Usilikalie lakini, kwa sababu nafasi ya kujibu haibaki wazi siku zote.

Nikimrudishia mteja hela yake, naweza kumwomba afute maoni? — Msanifu wa nembo, Kisumu

Kumrudishia hela kwa sharti la kufuta au kubadilisha nyota ni biashara ya maoni, na Upwork na Fiverr zote zinakataza. Ukiandika pendekezo hilo kwenye ujumbe, umewaachia ushahidi wa maandishi, na unaweza kupoteza akaunti nzima kwa kuokoa nyota moja. Ukiona ni haki kumrudishia hela, mrudishie kwa sababu kazi haikufaa, na usitaje nyota kabisa.

Upwork kuna njia moja halali: wewe mwenyewe unaweza kumfungulia mteja ruhusa ya kubadilisha maoni yake kwenye ule mkataba, kisha yeye ndiye ataamua. Ifanye baada ya kurekebisha kosa naye akakubali kwamba limerekebishwa, wala si kabla. Ujumbe mmoja unatosha. Asipofanya kitu, nyamaza. Kuripoti maoni kwa kampuni ni kwa mambo mengine: matusi, siri zako binafsi kuanikwa, au mteja aliyekutishia kwamba usipomwongezea kazi ya bure atakupa nyota 1. Hilo la mwisho lina uzito, mradi vitisho viko ndani ya mazungumzo yenu ya Upwork.

Nyota zangu zote ni 5, lakini Job Success Score, ile asilimia ya mafanikio ambayo Upwork inanipa, imeshuka hadi 79%. Nani kanifanyia hivi? — Mnukuzi wa sauti, Dodoma

Hutamjua, na ningekusihi usimtafute.

Mkataba ukifungwa Upwork, kila upande una siku 14 za kutoa maoni. Mteja anajaza mawili. La kwanza ni nyota na maneno ambayo wewe na dunia nzima mnayaona. La pili ni la siri: anaulizwa, kwa kipimo cha 0 hadi 10, kama angekupendekeza kwa mtu mwingine. Hilo wewe hulioni, lakini linaingia kwenye asilimia yako. Watu wengi ni wapole hadharani. Anakupa nyota 5 kwa sababu hataki kukuharibia riziki, halafu kule ndani anaweka 4 kwa sababu ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alisahihisha nusu ya unukuzi wako usiku. Na mkataba wenye fedha nyingi una uzito zaidi katika hesabu hiyo kuliko wa dola 10, kwa hiyo mteja mkubwa mmoja asiyeridhika anatosha kukushusha.

Ukianza kuwaandikia wateja wa zamani "ni wewe uliyenishusha?", hata wale waliokupenda hawatarudi. Fanya kazi nyingine, ngumu kidogo. Fungua mazungumzo ya mikataba yako kumi ya mwisho na usome jinsi kila moja ilivyokwisha. Mteja aliyeridhika huacha alama: anauliza kuhusu kazi nyingine, anataja kitu mahususi alichokipenda, au walau anajibu ndani ya siku mbili. Aliyeudhika kimya kimya huandika neno moja la asante, anafunga mkataba, basi. Ukiona kazi tatu za namna hiyo, zilinganishe. Kwako, kwa zile ulizonitumia, zote tatu zilikuwa sauti za mkutano wenye wazungumzaji zaidi ya wanne, na mara nyingi umeandika maneno ya mmoja chini ya jina la mwingine. Ugonjwa ndio huo. Ama acha kuomba kazi za mikutano mikubwa kwa sasa, ama umwombe mteja mwanzoni dakika ambayo kila mtu anajitambulisha.

Jambo la kukufariji, nalo ni la kweli: Upwork huhesabu asilimia hiyo kwa miezi 6, kwa 12 na kwa 24, kisha inaonyesha iliyo bora kati ya hizo. Kwa hiyo miezi sita ya kazi safi inaweza kuonekana mapema kuliko unavyodhani, hata kabla makosa ya mwaka jana hayajatoka kwenye hesabu ndefu.

Si bora nifungue akaunti mpya tu? Kuna jamaa anauza yenye nyota tayari. — Mombasa

Hapana, kaka, zote mbili hapana. Upwork mtu mmoja ana akaunti moja, na ya pili ikigundulika zinaweza kufungwa zote. Ya kununua ni mbaya zaidi: siku watakapoomba kitambulisho na uso wako kwenye kamera, jina ni la mtu mwingine, na fedha zilizomo ndani hutazigusa. Nimeona vijana wakilia kwa hili.

Itanichukua kazi ngapi kurudi? — yule yule wa Morogoro

Tuhesabu kwa wastani wa kawaida, dada. Una 5, 5 na 1: jumla 11, gawa kwa 3, ni takriban 3.67. Ukipata nyota 5 mara tano mfululizo, unafika 36 kwa kazi 8, yaani 4.5 kamili. Kufika 4.8 unahitaji kumi na saba mfululizo. Angalia tofauti ilivyo: tano za kwanza zinakuondoa kwenye eneo la kutisha, zile kumi na mbili nyingine zinaongeza kidogo kidogo. Kwa hiyo shughulika na tano tu.

Mimi yalinikuta kwa kazi ya manukuu ya video. Mteja alinipa nyota 2 na kuandika kwamba maneno yanapita kabla hajamaliza kuyasoma. Nilihesabu mistari yangu: mingi ilizidi herufi 60, wakati kipimo kinachotumika sana ni kama 42 kwa mstari. Sikujua. Kiswahili kina maneno marefu, nami nilikuwa nikitafsiri kila neno bila kufupisha. Miezi miwili iliyofuata niliomba video fupi tu, za dakika tatu au nne, na kila ombi nilianza na sentensi ile ile: "Mistari yangu haizidi herufi 42, nakutumia dakika ya kwanza uione kabla sijaendelea." Ile dakika ya kwanza ndiyo iliyoniponya. Mteja akiwa na dukuduku analisema hapo, kazi ikiwa bado changa, badala ya kulisema kwenye nyota.

Bei sikushusha, na wewe usishushe. Ukishusha sana unavuta wateja wanaotaka kila kitu kwa senti, na hao ndio wepesi wa kutoa nyota 2. Punguza ukubwa wa kazi. Kwako maneno 500 hadi 800, kurasa mbili tatu, uyamalize siku moja kabla ya muda, na orodha ya istilahi imepitishwa. Na kwa kuwa kila ombi linakula Connects, zile tokeni za kuombea kazi Upwork, usiombe kazi 20 kwa ujumbe mmoja wa kunakili. Omba nne ambazo umezisoma hadi mwisho.

Mteja mpya kwenye simu kaniuliza moja kwa moja: "Nini kilitokea kwa ile nyota 1?" Nilikwama. — Mwandishi wa maudhui, Arusha

Akikuuliza ana nia ya kukupa kazi, maana asiyetaka huwa hapotezi muda kuuliza. Mjibu kwa pumzi moja: ulikosea nini, ulirekebisha vipi, na kwenye kazi yake utafanya nini ili lisitokee. Kwa mfano: "Nilichelewesha makala tatu kwa sababu nilipokea kazi mbili kwa pamoja. Nilizimaliza bila kulipisha ya tatu. Kwako nitakutumia muhtasari wa kila makala Jumatatu, na usipouona Jumatatu jioni, una haki ya kusitisha." Kisha rudi kwenye kazi yake, umuulize makala ya kwanza anaihitaji lini.