Fifisha picha, kisha chora juu yake kwa mkono

SWALI LA WIKI: "Nina picha ya familia ninayotaka kuigeuza iwe mchoro wa mistari, watoto wa miaka mitatu hadi mitano waupake rangi. Programu za simu zinanipa nyuso za kutisha na vidoa kila mahali. Nimekosea wapi, na nifanyeje?"

Hujakosea kitu. Programu hizo hazijui uso ni nini. Kazi yake ni kutafuta mahali ambapo weupe unageuka weusi ghafla, na hapo ndipo inapoweka mstari. Kivuli cha chini ya pua kina mgeuko mkali kuliko pua yenyewe, kwa hiyo kivuli kinachorwa na pua inaachwa. Mkunjo wa tabasamu unaoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo unageuka kama kovu, na mtoto wa miaka minne anatoka na sura ya mzee. Nywele nyeusi zilizo mbele ya pazia la rangi nzito hazipati mstari wowote, kwa sababu hapo hakuna tofauti ya mwanga. Ukiongeza nguvu ya kichujio vivuli vinazidi, na ukiipunguza mpaka wa shavu unatoweka kabla vivuli havijaisha. Kiwango cha katikati kinachoponya yote mawili hakipo.

Njia ninayoitetea ni hii: fifisha picha mpaka ibaki kama ukungu, ichapishe, chora juu yake kwa kalamu nyeusi, kisha iskani na kuifuta ile picha ya chini ibaki mistari yako tu. Huhitaji kipaji cha kuchora, kwa kuwa unafuata kilichopo. Kinachohitajika ni kujua mstari upi uuache.

Anza na uteuzi wa picha. Watu wawili hadi wanne wanatosha, na uikate picha magotini au kiunoni ili nyuso zipate nafasi. Kwenye karatasi ya A4 hakikisha kila uso una urefu wa sentimita 5 au zaidi, kutoka utosini hadi kidevuni. Ukiwa chini ya sentimita 4, macho na mdomo vinabanana, na hata ukichora kwa uangalifu kalamu inavifunika. Picha ya watu kumi waliopanga mstari haifai kwa umri huu. Katika hiyo, chagua watatu.

Kwenye GIMP, ambayo ni programu ya bure, fungua picha na uiondoe rangi kwa `Colors > Desaturate > Desaturate`. Kama nyuso ni nyeusi na maumbo yamezama kivulini, nenda `Colors > Levels` na usogeze kitelezi cha katikati kutoka 1.00 hadi karibu 1.50, mpaka uone wazi mpaka wa shavu na kope za juu. Kubali badiliko hilo. Halafu fungua `Levels` tena, na safari hii shika sehemu iitwayo `Output Levels`: namba ya kushoto, ambayo ni 0, ifanye 180. Sasa sehemu iliyokuwa nyeusi kabisa imekuwa kijivu hafifu. Usiiruke hatua hii ukadhani utachora juu ya picha ya kawaida. Wino mweusi juu ya nywele nyeusi hauonekani, na baadaye skana haitaweza kutenganisha wino na picha.

Chapisha kwenye karatasi ya kawaida ukiacha sentimita moja pembeni pande zote. Kama printa yako ni ya wino wa maji, subiri dakika chache karatasi ikauke. Weka karatasi nyingine chini, kwa sababu kalamu nene hupenya.

Chora kuanzia aliye mbele kabisa kwenda nyuma. Siri ya kufanya mchoro usomeke iko hapa: mstari wa aliye nyuma ukifika kwa aliye mbele, unasimama. Ukianza na wa nyuma utajikuta umepitisha mkono wake katikati ya kifua cha mtoto, na hakuna ufutio wa kalamu hiyo. Tumia unene wa aina mbili. Mistari ya nje ya mwili iwe kama milimita 2, na ya ndani, kama mkunjo wa kiwiko au ukosi wa shati, iwe milimita 1. Mtoto wa miaka mitatu huburuta krayoni kwa mkono mzima, na mstari mnene humpa mpaka anaouona hata baada ya kuupita.

Uso ndio unaotaka utulivu, kwa hiyo nitaueleza polepole. Anza na umbo la nje: shavu, kidevu, masikio na mpaka wa nywele. Hivi ndivyo vinavyobeba ufanano kuliko watu wanavyodhani. Jicho lichore kwa mstari mnene mmoja wa kope ya juu, kisha mboni kama doa jeusi lililogusa kope hiyo. Kope ya chini iache kabisa, au iwe kipande kifupi upande wa nje. Ukizungushia jicho lote mstari, mtu anaonekana ameshtuka. Nyusi ni mstari mmoja kila moja, uliofuata mteremko wa kwenye picha. Pua haina pande, chora upinde mdogo wa chini tu. Mdomo ni mstari unaotenganisha midomo miwili, na chini yake alama fupi inayoonyesha mdomo wa chini. Meno yakionekana, yaache yawe utepe mweupe mmoja bila mstari hata mmoja wa kuyagawa. Mikunjo kati ya pua na mdomo usiichore kwa yeyote, wala mifuko ya chini ya macho. Kwa mzee, mistari miwili mifupi kwenye pembe ya nje ya jicho inatosha kuonyesha umri wake, na inampa tabasamu badala ya uchovu.

Nywele zichorwe mpaka wa nje na ziachwe tupu ndani. Vishawishi vya kuzijaza weusi ni vikubwa, lakini ukizijaza umemnyang'anya mtoto sehemu ambayo huwa ya kwanza kupakwa rangi. Nywele fupi za kipilipili zipe mpaka wenye mawimbi madogo. Nywele zilizosukwa, chora njia nne au tano pana zikifuata mwelekeo wa msuko, hata kama kwenye picha ziko kumi na nane.

Tuchukue picha moja: bibi mwenye miwani ameketi kwenye kiti, mjukuu yuko mapajani pake, na baba amesimama nyuma mkono wake ukiwa juu ya egemeo la kiti. Bibi amevaa gauni la maua madogo, baba shati la mistari, na nyuma kuna pazia, rafu ya vitabu na saa ya ukutani. Unaanza na mtoto kwa kuwa yuko mbele. Mikono ya bibi inayomzunguka inapita juu ya tumbo lake, basi kwa kweli mikono hiyo ndiyo ya kwanza, kabla hata ya fulana ya mtoto. Vidole vyake vifanye kama glavu: umbo moja la kiganja na mistari mitatu mifupi ya kugawa. Ukivichora vidole vyote kumi na kucha zake, utapata sehemu nyembamba ambazo krayoni haiingii.

Gauni la bibi lina maua zaidi ya sitini. Lichore tupu, kisha weka maua sita makubwa, kila moja la upana wa sentimita 2, yaliyokaa mbalimbali. Mtoto atalitambua gauni kwa hayo sita, na kila ua atalipaka. Mistari ya shati la baba iwe mipana, minne au mitano. Miwani ya bibi iache kubwa kama ilivyo, kwani ndiyo inayomtambulisha kwa mjukuu kuliko pua au mdomo. Pazia na rafu ondoa. Saa ya ukutani ibaki kama duara lenye mishale miwili, inajaza pembe iliyo tupu bila kushindana na nyuso. Chora pia mstari wa sakafu nyuma ya kiti, la sivyo kiti kinaelea hewani.

Ukimaliza, hesabu sehemu za kupaka rangi. Kwa miaka mitatu napendelea zisizidi 15, na ndogo kuliko zote iwe angalau pana kama ncha ya kidole gumba cha mtu mzima. Kwa miaka mitano, 30 zinafaa. Mchoro huu wa bibi ukiwa na maua yake unakaribia 30, kwa hiyo kwa mdogo utatoa matoleo mawili: la pili halina maua, halina mistari ya shati wala saa.

Iskani karatasi kwa kijivu, pikseli 300 kwa inchi. Fungua GIMP, chagua `Colors > Threshold`, na uanze na namba 115. Kila kilicho chini ya namba hiyo kinakuwa cheusi, na kilicho juu yake kinakuwa cheupe. Wino wako huwa chini ya 60 na picha iliyofifishwa huwa juu ya 160, hivyo picha inapotea yote kwa mara moja. Ukiona mabaki ya nywele au vidoa, punguza namba. Ukiona mistari imekatika, iongeze kidogo kidogo. Kama huna skana na umepiga picha kwa simu, hitilafu ya kawaida ni pembe moja kugeuka nyeusi tii: hicho ni kivuli cha mkono wako au cha simu. Piga karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja.

Kabla ya kuchapisha, chukua ndoo ya kumwaga rangi, `Bucket Fill`, na ubofye ndani ya kila sehemu, ukirudisha hatua nyuma baada ya kila jaribio ili sehemu ibaki nyeupe. Rangi ikimwagikia sehemu ya jirani, kuna mwanya. Mara nyingi huwa kwapani, kwenye ukosi, au pale nywele zinapokutana na sikio. Rudisha hatua nyuma, ziba kwa brashi nyeusi, jaribu tena. Hifadhi kwa PNG, kwa kuwa JPEG huacha chembe za kijivu kando ya mistari.

Nakala za watoto zitoe kwa fotokopi au printa ya leza. Mistari ya printa ya wino wa maji hulowana mtoto akipitisha kalamu za rangi za maji juu yake, na weusi hutapakaa usoni kwa bibi. Kama printa ya wino wa maji ndiyo uliyonayo, wape krayoni.