Kuunganisha Matokeo ya Tafiti za Mahojiano: Nilipokosea na Nilivyorekebisha

Nilipofanya mapitio yangu ya kwanza ya tafiti za mahojiano nilikuwa nimetoka kwenye kazi za takwimu, na nilidhani mambo yatakuwa yaleyale: kukusanya makala, kupanga matokeo kwenye jedwali, kisha kuhesabu ni makala ngapi zimetaja jambo fulani. Swali langu lilikuwa kwa nini wajawazito wengi huanza kliniki mimba ikiwa imevuka miezi mitatu, ilhali tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Nilibaki na makala kumi na moja, na jedwali likanionyesha kwamba sababu kuu ni "uelewa mdogo". Jedwali lilipendeza machoni, lakini lilinipotosha.

Kosa nililiona niliporudi kufuata njia ambayo watafiti Thomas na Harden waliieleza mwaka 2008, ya kusoma sehemu ya matokeo mstari kwa mstari na kuupa kila mstari msimbo, yaani maneno machache yanayotaja maana yake, kuikusanya misimbo inayofanana kuwa dhamira za maelezo, na hatimaye kujiuliza dhamira hizo zikiwekwa pamoja zinajibu nini ambacho hakuna makala moja iliyokijibu. Mstari kwa mstari ndipo unapogundua kwamba makala ya mahojiano ina sauti mbili: maneno ya mhojiwa na tafsiri ya mtafiti. Nilizitenganisha katika safu mbili, na hapo ndipo mambo yalipojitokeza. Chini ya kichwa "uelewa mdogo" alikuwamo mama aliyejua vizuri kabisa kwamba kliniki huanza mapema, ila aliambiwa aje na mume wapime virusi vya Ukimwi pamoja, na mume alikuwa kambini ziwani akivua. Makala nyingine ililiita jambo hilohilo "ushiriki hafifu wa wanaume". Ya tatu ilizungumzia barua ya mwenyekiti wa mtaa, ambayo mwanamke asiye na mwenza hutakiwa kuipeleka ili apokelewe. Majina yalikuwa matatu na jambo ni moja: utaratibu uliowekwa ili kuwashirikisha wanaume umegeuka kizuizi mlangoni. Katika jedwali langu la kwanza mambo hayo yalikaa mistari mitatu tofauti, kila mmoja ukionekana mdogo.

Dhamira ikishapatikana, tafuta kwa makusudi kinachoipinga. Mimi niliwakuta wanawake waliokuwa na waume nyumbani na bado wakachelewa, kwa kuwa mimba changa haitangazwi kabla haijatulia. Hawa sikuwalazimisha waingie kwenye hoja ya mlango. Wakapata dhamira yao.

Kwenye tathmini ya ubora nilikosea vibaya zaidi. Nilitumia orodha ya CASP yenye maswali kumi, nikakigeuza kila "ndiyo" kuwa alama moja, na makala zilizopata chini ya saba nikaziondoa. Orodha hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kujumlisha alama, kwani kasoro mbili hazina uzito sawa. Makala moja niliyoiondoa ilipungukiwa alama kwa sababu tu waandishi hawakueleza mbinu zao, kuanzia kuwapata wahojiwa hadi kuchambua data, pengine kwa ufinyu wa nafasi jaridani, nayo ndiyo pekee iliyokuwa na wanawake wa jamii za wafugaji. Nyingine ilipata tisa, ikakosa swali la sita tu, linalouliza kama uhusiano wa mtafiti na wahojiwa umezingatiwa. Waliohoji walikuwa wauguzi wa kliniki ileile, na hakuna mama hata mmoja aliyelalamikia lugha ya wauguzi. Nani angethubutu? Ukimya huo ningeuhesabu kuwa ushahidi kwamba huduma ni nzuri.

Siku hizi siondoi makala kwa alama. Naandika kasoro yenyewe kwa sentensi moja na matokeo gani inayagusa, kisha naziweka kando makala dhaifu kwa muda nione ni dhamira ipi inaanguka. Baada ya hapo natumia GRADE-CERQual, ambayo haipimi makala bali kila tokeo la mapitio: unaanza na imani ya juu, unaishusha hadi ya wastani, ya chini au ya chini sana, ukitazama kasoro za mbinu, jinsi data zinavyolishikilia tokeo hilo, wingi na kina cha data, na kama mazingira yake yanahusiana na swali lako.

Tokeo la kizuizi mlangoni liliishia kwenye imani ya wastani. Maelezo ya wahojiwa yalikuwa ya kina na yaliafikiana, na hata nilipoziweka kando makala dhaifu halikutikisika. Nililishusha daraja moja kwa kuwa takribani data zote zilitoka kwenye vituo vya mijini na kandokando ya ziwa. Tokeo la lugha kali ya wauguzi, lililotoka kwenye makala nyingine, nililipa imani ya chini, nikaandika waziwazi kwamba katika mojawapo ya tafiti zilizokaa kimya, waliohoji walikuwa wauguzi wenyewe.